Barua ya kukiomba chama cha akiba na mikopo kijaribu programu yako: anza na vitabu vyao

*Nimetengeneza programu ya simu inayoonyesha michango ya wanachama na kufuatilia mikopo. Nimeshaviandikia vyama viwili vya akiba na mikopo pendekezo la ubia, kurasa nne, na picha za programu ndani. Kimoja hakikujibu, kingine kilisema "tutakuita". Sasa nataka kukiandikia chama cha tatu, kina wanachama mia nne hivi, na mhasibu wao anatumia Ekseli na leja za karatasi. Barua niiandikeje?*

Ndugu yangu, barua yako ikifika, wa kwanza kuisoma si mwenyekiti uliyemwandikia. Ni meneja, na meneja akishaisoma humpa mhasibu na kumwuliza, "Hii itatufaa?" Mhasibu ndiye anayejua kwamba kuna leja ya mwanachama ambayo salio lake halilingani na kadi ya mwanachama huyo tangu mwaka juzi. Ndiye anayekesha kila mwisho wa mwezi akitafuta tofauti ndogo kati ya taarifa ya benki na daftari la fedha. Akisoma kwamba programu yako "itaondoa kazi zote za mikono", anachoelewa ni kwamba yeye ataondolewa, na kwamba makosa ya zamani yataanikwa na mtu asiyejua yalivyotokea. Atamjibu meneja kwa upole kwamba jambo ni zuri ila wakati bado, na barua itaingia kwenye faili. Nilikuwa mhasibu wa chama cha namna hiyo kwa miaka mingi kabla ya kuingia kamati ya usimamizi, na majibu hayo ya upole nimeyatoa mwenyewe.

Kwa hiyo barua ya tatu usiiandike kuuza programu. Iandike kuomba ruhusa ndogo: wakupe vitabu vya miezi mitatu iliyokwisha kufungwa, vya wanachama thelathini tu, majina yakiwa yameondolewa na kubaki namba, nawe uingize kumbukumbu hizo kwenye programu yako uone kama kila mwanachama atatoka na salio lilelile lililoko kwenye leja. Ombi la namna hiyo meneja anaweza kulipeleka kwenye bodi bila kuogopa, mhasibu anaweza kulikubali bila kujiona anachimbiwa, na wewe utajifunza mambo ambayo programu yako hivi sasa haiyajui. Nina hakika yapo, na nitakuonyesha mawili hapa chini.

Lakini kwanza liondoe neno "ubia" kwenye barua. Najua ulilitumia kwa nia njema, kwa maana ya kufanya kazi pamoja. Mjumbe wa bodi akilisoma, anaona watu wawili waliochanga mtaji na wanaogawana faida na hasara. Bodi haina mamlaka ya kuitia akiba ya wanachama kwenye biashara ya pamoja na mtu wa nje kwa kikao kimoja. Jambo kama hilo linapelekwa mkutano mkuu, na hakuna mwenyekiti atakayebeba ajenda hiyo kwa ajili ya mtu asiyemfahamu. Watu wa ushirika wanaliangalia jambo hili kwa makini kuliko unavyodhani. Tamko lililopitishwa Manchester mwaka 1995 na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika lina kanuni saba, na ya nne inahusu kujitawala: chama kinaweza kuingia mikataba na taasisi nyingine, au kupata mtaji kutoka nje, mradi masharti ya makubaliano hayo yawaachie wanachama udhibiti wao na chama kibaki huru. Wajumbe wengi wamefundishwa kanuni hizo kwenye semina. Wakiliona neno "ubia", swali linalowajia ni nani atakuwa na sauti juu ya nini.

Hapohapo nikuonye kuhusu malipo. Kama kwenye zile kurasa nne uliandika kwamba utachukua asilimia fulani ya kila mkopo unaotolewa au kila rejesho linaloingia, futa. Anayelipwa kwa asilimia ya mikopo anafaidika chama kikikopesha zaidi, hata pale ambapo kamati ya mikopo ingepaswa kusema hapana. Omba ada ya namna moja, kiasi fulani kwa kila mwanachama kwa mwezi, inayobaki ileile chama kikopeshe sana au kidogo. Ada ya namna hiyo mweka hazina anaweza kuizidisha kwa idadi ya wanachama na kuiweka kwenye bajeti ya mwaka, na mkutano mkuu ukaielewa kwa mstari mmoja.

Sasa turudi kwenye vitabu, maana hapa ndipo barua yako itakapojitofautisha. Chukua mkopo mmoja: 600,000 kwa miezi kumi na miwili, riba asilimia 1 kwa mwezi. Ukimwuliza mtu wa kawaida riba ni kiasi gani, atakwambia asilimia 1 ya 600,000 ni 6,000, mara miezi kumi na miwili ni 72,000. Hiyo ni riba inayopigwa juu ya mkopo wa mwanzo, na vipo vyama vinavyofanya hivyo. Vingi hupiga riba juu ya salio linalopungua. Mwanachama analipa mtaji 50,000 kila mwezi, na riba inapigwa juu ya kilichobaki: mwezi wa kwanza 6,000, wa pili 5,500 kwa kuwa deni limeshuka hadi 550,000, wa tatu 5,000, na kuendelea hadi mwezi wa mwisho ambao riba ni 500 tu. Ukijumlisha yote unapata 39,000. Kuna na njia ya tatu, inayotaka rejesho lilingane kila mwezi ili mwajiri akate kiasi kilekile kwenye mshahara. Hapo rejesho ni 53,309 na kitu kidogo, na riba ya mwaka mzima inafika kama 39,711. Masharti ya mkopo yanayosomwa kwa mdomo ni yaleyale katika njia zote tatu, "asilimia 1 kwa mwezi", na majibu ni matatu.

Programu yako inatumia njia ipi? Nadhani unajua. Chama hiki kinatumia ipi? Nadhani hujui, na kwenye barua mbili za kwanza hukuuliza. Mhasibu akiona kwenye picha ulizoweka kwamba mkopo wa mfano umepigwa riba kwa njia isiyo yao, hahitaji kuendelea kusoma.

Kujua njia ya riba ni mwanzo tu. Mambo huanza kupishana pale mwanachama anapolipa pungufu, na katika chama chochote yupo anayelipa pungufu kila mwezi. Tuseme yule wa 600,000 amelipa vizuri miezi miwili, deni la mtaji ni 500,000, na mwezi wa tatu alitakiwa alete 55,000, yaani mtaji 50,000 na riba 5,000. Akaleta 30,000. Sera ya mikopo ya chama kimoja inasema riba ikatwe kwanza: 5,000 inakwenda kwenye riba, 25,000 inayobaki inapunguza mtaji, deni linakuwa 475,000, na mwezi unaofuata riba itakuwa 4,750. Chama kingine kinatanguliza mtaji: 30,000 yote inapunguza deni hadi 470,000, riba ya 5,000 inabaki kudaiwa pembeni, na mwezi unaofuata riba mpya ni 4,700. Kuna na vyama ambavyo faini ya kuchelewa inatangulia vyote viwili. Tofauti ya mwezi wa kwanza ni 50 tu katika riba, kiasi ambacho mtengenezaji wa programu anaweza kukiona si kitu. Lakini salio la mkopo limeshatofautiana kwa 5,000, na leja ya mwanachama haitalingana tena na programu mpaka mkopo uishe. Ukiwa na wakopaji mia moja na hamsini, na thelathini kati yao wamewahi kulipa pungufu, mwisho wa mwaka hakuna mkaguzi atakayekuelewa.

Ipo tofauti nyingine ambayo bodi itaiona mara moja. Mkopaji wetu amechelewa. Katika taarifa ya mwezi, mikopo iliyochelewa ni kiasi gani? Mwingine ataandika 25,000, yaani kile alichopungukiwa. Mwingine, mkopaji akishapitisha siku thelathini bila kufidia, ataandika deni lote la 475,000, kwa hoja kwamba mtu asiyeweza kulipa 25,000 ameliweka hatarini deni zima. Zote mbili ni namba halali, ila zinajibu maswali mawili: ya kwanza inasema tumekosa kiasi gani hadi leo, ya pili inasema tunaweza kupoteza kiasi gani. Programu ikionyesha moja bila kusema ni ipi, mwenyekiti ataamka asubuhi aone mikopo mibaya imeongezeka mara kumi na tisa ndani ya usiku mmoja, na utakuwa umepoteza imani yake bila kufanya kosa lolote la hesabu. Onyesha zote mbili, kila moja na maelezo yake ya maneno machache.

Kwa sababu hiyo, kiambatisho cha barua yako kisiwe picha za skrini. Kiwe ukurasa mmoja wenye mkopo huo niliokueleza, ukipigwa kwa njia zote tatu, pamoja na rejesho pungufu likigawanywa kwa njia mbili, na chini yake maswali machache ambayo mhasibu anaweza kuyajibu kwa kalamu: riba inapigwaje, rejesho pungufu linaanzia wapi, faini inaanza siku ya ngapi, hisa na akiba zinatengwaje katika makato ya mshahara, na akiba ya mdhamini inazuiwa kwa kiasi gani hadi mkopo aliodhamini upungue. Nimewahi kupokea karatasi moja tu ya namna hiyo katika miaka yote ya kazi. Nilimpigia aliyeileta siku ileile, kwa sababu niliona mtu aliyewahi kukaa na leja.

Jambo la pili ambalo barua lazima iliseme waziwazi ni fedha zinapita wapi. Sema kwamba programu haipokei fedha, haizitunzi na haizihamishi. Mwanachama aendelee kulipa kwenye akaunti ya chama kama alivyozoea, na programu isome taarifa ya malipo na kuoanisha kila lipo na namba ya mwanachama. Ukitaka fedha zipite kwako hata kwa saa moja, umeingia kwenye eneo la leseni na wasimamizi wa fedha, na chama nacho kitakuwa kimeweka akiba za watu mikononi mwa mtu binafsi. Wakati huohuo ukiri kwamba yatakuja malipo yasiyo na namba, au yenye namba iliyokosewa tarakimu moja. Malipo hayo programu isiyabahatishie mtu. Iyaweke kwenye orodha ya fedha zisizojulikana mwenyewe, na mhasibu ayapangie baada ya kuuliza. Nimeona rejesho la mtu likimwangukia jirani yake wa namba, jirani akajitoa chamani na kuchukua akiba yote, na chama kikabaki kinalipa mara mbili.

Pia eleza nani anaweza kubadilisha nini. Mhasibu anaingiza, meneja anaidhinisha, na hakuna anayefuta. Kosa likitokea linarekebishwa kwa kuandika ingizo la kinyume lenye tarehe, sababu na jina la aliyelifanya, kama vile kwenye leja ya karatasi ambako tunakata mstari juu ya namba iliyokosewa bila kuisugua. Kamati ya usimamizi ipewe ruhusa ya kutazama kila kitu bila kugusa kitu. Sentensi mbili zinatosha kulisema hili, na ndizo zitakazomfanya mkaguzi wa ndani akutetee kikaoni. Na kwa wanachama wasio na simu janja, sema tu kwamba watapata ujumbe mfupi kila wanapolipa na kadi zao za karatasi zitaendelea.

Sasa lile ninaloliona zito kuliko yote: siku utakapoondoka. Chama nilichokuwa nikikifanyia kazi kiliwahi kununua mfumo kutoka kwa kijana mmoja hodari sana. Mwaka wa kwanza tulifurahi. Mwaka wa pili akapata kazi mahali pengine, simu zikawa hazipokelewi, na siku moja mfumo ukagoma kufunguka. Tulikuwa tumeacha kuandika leja kwa sababu mfumo ulikuwa unafanya kazi vizuri. Tulikaa wiki saba, watu wanne, tukizijenga upya akaunti za wanachama kwa stakabadhi, taarifa za benki na kadi ambazo wanachama wenyewe walizileta, na wapo waliokuwa wamepoteza kadi. Mama mmoja aliyekuwa akiweka akiba kwa ajili ya ada za wanawe alikuja mara tatu kuuliza salio lake, na mara zote tatu sikuwa na namba ya kumpa. Tangu hapo kila barua iliyoletwa kwenye kamati yetu niliisoma kwa swali moja tu, na sikuona hata moja iliyolijibu kabla ya kuulizwa.

Lijibu wewe. Ahidi kwamba kila mwisho wa mwezi programu itatoa nakala ya kumbukumbu zote katika faili la CSV, ambalo mhasibu atalifungua kwenye Ekseli yake bila kukuhitaji, na litakaa kwenye kompyuta ya chama. Ndani ya faili la miamala, kila mstari uweze kusomeka na mtu asiyeijua programu yako:

```
tarehe,namba_mwanachama,aina,kiasi,salio,kumbukumbu
2025-03-31,0147,akiba,10000,215000,ST-0882
2025-03-31,0147,rejesho_mtaji,25000,475000,ST-0882
2025-03-31,0147,rejesho_riba,5000,0,ST-0882
```

Mstari wa kwanza unataja vichwa vya safu, na inayofuata inaonyesha stakabadhi moja ya 40,000 ilivyogawanywa: akiba 10,000, mtaji wa mkopo 25,000, riba 5,000. Mhasibu akiuona mfano huu atajua kwamba hata ukitoweka kesho, anaweza kuendelea. Usiogope kwamba kwa kuwapa njia ya kutokea unawarahisishia kukuacha. Bodi inayojua kwamba inaweza kuondoka ndiyo inayothubutu kuingia.

Baada ya hayo, barua yenyewe inakuwa fupi. Mimi ningeiandika hivi, ukurasa mmoja na nusu kwa herufi za kawaida:

> YAH: OMBI LA KUFANYA JARIBIO LA KULINGANISHA KUMBUKUMBU ZA MICHANGO NA MIKOPO
>
> Ndugu Mwenyekiti,
>
> Naomba kupitia kwako bodi iniruhusu kufanya jaribio dogo, lisilo na gharama kwa chama, la kulinganisha leja zenu na programu niliyoitengeneza ya kutunza kumbukumbu za michango na mikopo ya wanachama.
>
> Ninachoomba ni kumbukumbu za miezi mitatu iliyofungwa, za wanachama thelathini watakaochaguliwa na mhasibu wenu, wakiwemo wasiopungua kumi wenye mikopo na wasiopungua watano waliowahi kulipa pungufu au kuchelewa. Majina, namba za simu na vitambulisho viondolewe kabla ya kunifikia. Nitaziingiza kwenye programu kwa kufuata masharti na sera ya mikopo ya chama, si kwa kanuni zangu.
>
> Ndani ya wiki tatu nitaleta jedwali linaloonyesha kila salio la leja, salio la programu, na tofauti kama ipo, pamoja na sababu yake. Jedwali hilo nitalipitia kwanza na mhasibu, kisha litapelekwa lilivyo kwa meneja na kamati ya usimamizi. Jaribio likiisha nitafuta kumbukumbu zote nilizopewa na kuthibitisha kwa maandishi.
>
> Programu haipokei wala haihamishi fedha. Wanachama wataendelea kulipa kwenye akaunti ya chama. Mabadiliko yote yanahitaji mtu wa kuingiza na mtu mwingine wa kuidhinisha, na hakuna ingizo linaloweza kufutwa. Kumbukumbu ni mali ya chama, na kila mwezi mtapata nakala kamili inayofunguka bila programu yangu.
>
> Kama baada ya jaribio bodi itapenda kuendelea, ada ni [kiasi] kwa kila mwanachama kwa mwezi, bila asilimia yoyote kwenye mikopo au akiba. Tutaanza kwa miezi mitatu ya kutumia leja na programu kwa pamoja, na chama kinaweza kusimamisha wakati wowote kwa notisi ya siku thelathini. Bodi isipopenda, chama hakitadaiwa chochote.
>
> Nimeambatisha ukurasa mmoja wenye mfano wa mkopo na maswali matano ambayo ningependa mhasibu anisaidie kuyajibu.

Kiasi cha ada kiandike, usikifiche kwa maneno kama "bei nafuu" au "tutajadiliana". Bodi isiyoona bei hudhani ni kubwa. Namba ya wanachama thelathini nayo nimeiweka kwa sababu: ni wachache kiasi cha mhasibu kuwaandaa kwa siku moja, na ni wengi kiasi cha kutosha kukutana na vituko vya kweli vya leja. Sharti la watano waliolipa pungufu usiliondoe. Mhasibu akiachiwa achague atakupa wale wanachama wake wazuri, wenye kurasa safi, na jaribio litafaulu bila kuthibitisha lolote.

Ielekeze kwa mwenyekiti kupitia kwa meneja, uipeleke kwa mkono, na umwombe meneja akuonyeshe tarehe ya kikao kijacho cha bodi. Vikao vingi ni vya mwezi au vya robo mwaka, kwa hiyo kimya cha wiki tano hakimaanishi kukataliwa. Usiipeleke katika wiki ya mwisho ya mwezi wala karibu na mkutano mkuu, wakati ambao mhasibu hana hata nafasi ya kula vizuri. Na kama unamfahamu mwenyekiti, usimpitishie pembeni. Barua iliyoshuka kutoka juu hufanyiwa kazi kwa kinyongo, na wewe unahitaji mhasibu aliyekubali mwenyewe.

Wakikuruhusu, tegemea tofauti. Kwa wanachama thelathini, sitashangaa ukikuta sita au saba. Zigawanye kwa sababu zake. Nyingine zitakuwa kosa la programu yako, kwa mfano kukata sehemu ndogo za namba kila mwezi badala ya kuzilimbikiza kwenye rejesho la mwisho. Hizo ziandike kwanza, kwa maneno ya wazi, maana ndizo zitakazofanya zilizobaki ziaminike. Nyingine zitatokana na kanuni isiyoandikwa popote, labda kwamba rejesho lililoingia kabla ya tarehe 5 huhesabiwa la mwezi uliopita. Mhasibu anaijua kichwani, sera haina. Hapo usiseme leja imekosea. Uliza, kisha ifundishe programu, na umpendekezee meneja kanuni hiyo iandikwe kwenye sera.

Zitabaki moja au mbili ambazo ni makosa ya leja kweli: riba iliyorukwa mwezi mmoja, au rejesho lililoandikwa mara mbili. Hapa ndipo utu wako utapimwa. Kaa na mhasibu, mfungue ukurasa pamoja, umwache alione mwenyewe na aandike ingizo la marekebisho kwa mkono wake. Kisha liache kwenye jedwali linalokwenda kamati ya usimamizi, kama ulivyoahidi, likiwa na maneno "limerekebishwa na mhasibu" na tarehe. Ukilificha ili umpendeze, umeshirikiana naye kuficha. Ukilipeleka kwa mwenyekiti kabla yeye hajaliona, umempoteza mtu pekee ambaye atakuwa akiifungua programu yako kila siku.

Miezi mitatu ya kutumia leja na programu sambamba ndiyo itakayochosha, kwa kuwa kila muamala unaandikwa mara mbili. Jitolee wewe au mtu wako aje kuingiza upande wa programu, mhasibu aendelee na leja yake kama kawaida. Kila mwisho wa mwezi mtoe urari wa pande zote mbili, wa hisa, akiba, mikopo na riba, muweke karatasi mbili mezani. Ule mwezi ambao urari zote mbili zimetoka sawa na mhasibu na meneja wamesaini zote mbili, ndipo ulete rasimu ya mkataba.